Barua ya wazi kwa msafirishaji wetu wa saruji: dakika tano za mwisho za kushusha

KWA: Mkurugenzi wa Uendeshaji na Mkuu wa Usalama
KUTOKA: Kamati ya Usalama, mtambo wa kuchanganya zege
YAH: DEREVA KUSHUSHA SARUJI KWA SHINIKIZO LA HATARI KWENYE SILO NAMBA 2, NA OMBI LA UCHUNGUZI

Ndugu Wakuu,

Tunawaarifu rasmi kwamba Jumanne asubuhi lori lenu la tangi lilishusha saruji kwenye silo yetu kwa namna iliyofungua vali ya usalama ya silo, ikang'oa mifuko minne ya chujio na kumwagia vumbi watu wawili waliokuwa wakipita chini. Mmoja wao liliingia machoni. Alioshwa kwa maji safi kwa dakika 20 kisha akapelekwa kwa daktari. Jina la dereva na namba ya lori vimo kwenye fomu tuliyowapelekea ofisini siku hiyohiyo, kwa hiyo hatuvirudii hapa. Barua tumeiacha wazi kwa sababu madereva haohao hushusha kwenye mitambo mingine, na wanaopokea mzigo huko nao wana haki ya kujua kilichotokea.

Tuanze na mwendo wenyewe, kama ulivyorekodiwa na kamera ya getini, kamera ya sehemu ya kujazia na kipimo cha shinikizo kilichoko juu ya silo. Lori liliingia saa 1:40 asubuhi likiwa na tani 28. Mtu wetu alifungua kufuli ya bomba la kujazia, akahakiki kwamba namba ya silo kwenye hati ya mzigo ndiyo iliyo kwenye bomba, kisha akaitwa kwenye shaveli na kuondoka. Hilo ni kosa letu na tutalizungumzia tena mbele. Dereva alianza kushusha saa 2:00. Saa 2:11 king'ora cha shinikizo cha silo kililia. Dereva alikuwa ndani ya kabini na hakushuka. Kikalia tena saa 2:19. Safari hii alishuka, akazima kompresa kwa muda usiofika dakika moja bila kugusa vali ya kushushia, kisha akaiwasha tena. Saa 2:23 shinikizo ndani ya silo lilifika bar 0.062, vali ya usalama ikafunguka, na wingu la saruji likatoka juu. Saa 2:25 alifungua kiungio cha mpira wa kushushia ungali na hewa ndani, mpira ukaruka na kugonga nguzo. Saa 2:31 alikuwa ametoka getini.

Mtu asiyezoea silo ataona bar 0.062 ni namba ndogo mno, hasa akiwa ametoka kusoma geji ya tangi inayofika bar 2. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Tangi la lori ni chombo cha shinikizo, limetengenezwa kwa bati nene na umbo la mviringo ili lihimili. Silo ni ghala tu la bati jembamba lenye chujio juu, na kazi ya chujio ni kuitoa nje hewa iliyobeba saruji, ili ndani shinikizo libaki karibu na la nje. Vali yake ya usalama imewekwa ifunguke kwenye bar 0.05, yaani msukumo wa maji yenye kina cha nusu mita. Silo namba 2 ina kipenyo cha mita 3, hivyo paa lake ni kama mita 7 za mraba. Kwenye bar 0.062, paa hilo lilisukumwa kuelekea juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 4 na nusu. Chujio limekaa juu ya tundu lenye kipenyo cha sentimita 80, na kwa shinikizo hilohilo lilisukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300, wakati lenyewe lina kilo 180. Kilicholizuia lisiruke ni vibanio vyake. Tulipopanda tulikuta mpira wa kuzibia chini yake umesogea upande mmoja na mstari wa vumbi umechoreka kulizunguka. Kama vibanio vingekuwa vimelegea, leo tungekuwa tunaandika habari ya chujio lililoanguka kutoka juu ya silo hadi kwenye njia ya watu.

Sasa swali la msingi: hewa yote hiyo ilitoka wapi? Wakati saruji inatiririka vizuri, kompresa ya lori lenu hutoa takriban mita za ujazo 12 za hewa kwa dakika. Chujio letu limepimwa kupokea 30. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya kazi ya kushusha, silo haina shida, na ndiyo maana dereva anaweza kufanya vibaya mara nyingi asione chochote. Shida huja saruji inapokaribia kwisha. Muda wote uliopita saruji ndiyo iliyokuwa imeuziba mdomo wa tangi kama kizibo, na hewa ilipenya kidogokidogo pamoja nayo. Saruji ikiisha, kizibo kimeondoka, na hewa yote iliyobanwa ndani ya tangi inapata njia wazi ya kwenda kwenye silo.

Picha ya saa 2:20 inaonyesha sindano ya geji ya tangi kwenye bar 1.6. Tangi lina ujazo wa mita 35. Kwa shinikizo hilo limebeba mita za ujazo 56 za hewa ya ziada, mbali na ile inayojaza tangi kwa kawaida. Kupitia mpira wa milimita 100 usio na saruji tena, sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka ndani ya dakika moja hivi. Jumlisha na ya kompresa ambayo bado ilikuwa inazunguka, unakaribia mita 68 kwa dakika kwenye chujio la mita 30. Hewa isiyopata njia kwenye kitambaa inapandisha shinikizo, inapasua mifuko au kuivua kwenye vizimba vyake, kisha inaisukuma vali. Ndivyo ilivyokwenda.

Dereva anayejua kazi hushusha tofauti, na tunajua mnao wa namna hiyo kwa sababu tunawapokea kila wiki. Yeye hukaa kwenye vali, mkono karibu, macho yakitoka kwenye geji kwenda kwenye mpira. Mzigo unapobaki mdogo, mpira huanza kurukaruka na sauti yake hubadilika, kutoka mngurumo mzito hadi mlio mwembamba wa kukatikakatika, huku sindano ya geji ikianza kushuka yenyewe. Hapo hupunguza mwendo wa kompresa na kuibana vali ya kushushia, akaliacha shinikizo la tangi lishuke taratibu. Kanuni ya eneo letu ni kwamba likifika bar 0.6 vali ya kushushia inafungwa, hewa inayobaki inatolewa kwa vali ya kupumulia ya tangi lenyewe, na mpira unasafishwa kwa hewa kidogo ya njia. Hewa ya mwisho haipelekwi kwenye silo kamwe. Kazi hiyo huchukua dakika 8 hadi 10. Dereva wa Jumanne aliimaliza kwa 2.

Kuhusu king'ora, kuna jambo tunaloomba lifundishwe kwa madereva wote, maana kosa lake linafanywa hata na wenye nia njema. Kuzima kompresa peke yake hakusimamishi kitu. Tangi lenye bar 1.6 litaendelea kusukuma saruji na hewa kwa dakika kadhaa bila injini. King'ora kikilia, kinachofungwa kwanza ni vali ya kushushia, kisha hewa ya njia, ndipo kompresa. Baada ya hapo dereva anamwita mtu wetu na wote wawili wanasubiri, kwa sababu sababu ya king'ora inaweza kuwa upande wetu pia. Chujio lililoloa au kuziba hupandisha shinikizo hata dereva akiwa mwangalifu. Safari hii tumelikagua: hewa ya kulipigia vumbi ilikuwa na nguvu inayotakiwa, na kwenye rekodi za mizigo mitatu iliyotangulia shinikizo halikuvuka bar 0.012. Chujio lilikuwa zima hadi asubuhi ile.

Mpira nao una habari yake. Picha inaonyesha kebo ya kuuzuia mpira usichape ikining'inia bila kufungwa, na pini za kufungia masikio ya kiungio hazipo kabisa, hata matundu yake yamejaa saruji iliyoganda. Pini hizo hazikupotea Jumanne. Kwa mpira wa milimita 100, hata bar 0.4 tu iliyobaki ndani hukisukuma kiungio kwa nguvu ya kilo 30 na zaidi mara masikio yanapoachia, na kinachotoka nacho ni saruji kavu usawa wa uso. Saruji ikikutana na unyevu wa jicho huunguza, maana ni kali upande wa magadi, na kuunguza huko huendelea kadiri inavyoachwa humo. Kijivali cha kupunguzia hewa kiko sentimita 40 tu kutoka kwenye kiungio. Kukifungua, kusikiliza mlio ukome na ndipo kushika masikio ni kazi ya nusu dakika.

Tunakuja sasa kwenye uchunguzi, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Jibu la kwamba dereva amepewa onyo au amefukuzwa halitatutosha. Dereva ana makosa, na yale ya kukaa kabini, kupuuza king'ora na kufungua mpira wenye hewa ni yake mwenyewe. Lakini kuna dalili mbili kwamba mtu mwingine yeyote akipewa lori lile na ratiba ile angesukumwa upande huohuo.

Dalili ya kwanza iko kwenye mizani. Lori lilipotoka lilikuwa na kilo 420 zaidi ya uzito wake mtupu ulioandikwa. Tangi likiwa zima, kinachobaki ni kilo chache za vumbi kwenye kuta. Mia nne hubaki pale vitambaa vya kupitishia hewa vilivyoko chini ya tangi vinapokuwa vimepasuka au kuganda. Kitambaa kikiziba, saruji iliyo juu yake hailegezwi na hewa, inakaa pembeni kama mchanga mkavu. Kikipasuka, hewa inatokea pale palipopasuka tu na kwingine hapapati. Dereva akiona mzigo hautoki, hupandisha shinikizo, na wakati mwingine huliachia lote kwa mkupuo ili lizoe mabaki. Kwa maneno mengine, bar 1.6 ile mwishoni huenda ilikuwa njia yake ya kufidia tangi bovu. Hatusemi ndivyo ilivyokuwa. Tunasema fungueni tangi muone, na mlinganishe uzito wake wa kutokea kwenye mizigo yote ya miezi mitatu iliyopita. Kama mabaki yamekuwa yakiongezeka wiki hadi wiki, tatizo lilionekana kwenye karatasi mapema na hakuna aliyelisoma.

Dalili ya pili ni maneno aliyomwambia mlinzi wetu getini alipokuwa anatoka: kwamba ana safari ya pili na dirisha la kupakia kiwandani linafungwa saa 4. Tani 28 zilishuka kwa dakika 23, yaani zaidi ya tani moja na kilo mia mbili kwa dakika. Kikomo chetu ni tani 1 kwa dakika, na kimeandikwa kwenye kibao cha sehemu ya kujazia. Kama malipo yake yanahesabiwa kwa safari, na ratiba yenu inampa saa moja kwenye eneo letu tangu kuingia hadi kutoka, basi dakika kumi za kupunguza hewa zinatoka mfukoni mwake. Tungependa kuiona ratiba ya siku ile kama ilivyopangwa kabla ya tukio.

Kwanza kabisa, hifadhini ushahidi kabla haujafutika. Kifaa cha kufuatilia lori kinarekodi mizunguko ya injini na muda ambao kompresa iliwashwa, na rekodi za namna hii mara nyingi hufutwa na mpya baada ya muda. Ichukueni sasa, pamoja na simu za ofisi ya upangaji safari kwenda kwa dereva kati ya saa 1:30 na 2:30. Lori lisioshwe ndani wala mpira usibadilishwe kabla haujapigwa picha. Sisi tumetenga mifuko minne iliyotoka, rekodi ya shinikizo kwa kila sekunde, na picha za kamera zote mbili. Mtakuja kuvikagua siku yoyote mtakayotaja.

Kwenye lori, tunaomba fundi asiyekuwa wa zamu ile akague geji ya tangi kwa kuilinganisha na geji iliyothibitishwa, kwenye bar 0, 1 na 2. Geji inayoonyesha 0.3 wakati tangi ni tupu, au inayogandia, itabadilisha maana ya kila kitu tulichoandika juu ya bar 1.6, na ni haki kwa dereva jambo hilo lijulikane. Aangalie pia vali ya usalama ya tangi inafunguka kwenye kiwango gani, vali ya kuzuia hewa kurudi kwenye kompresa, vitambaa vya chini, na mpira urefu wake wote, hasa karibu na viungio ambako tabaka la ndani huanza kulika.

Kwa dereva, msikilizeni kwanza. Muulizeni mara ya mwisho alifundishwa lini kushusha kwa shinikizo, na nani, na kwa kushika vali au kwa karatasi tu. Mpeni kazi nyingine wakati uchunguzi ukiendelea, bila kumkata malipo, maana dereva anayejua kwamba kusema ukweli kutamnyima mshahara atawaambia geji ilikuwa mbovu. Akirudi, mizigo yake mitatu ya kwanza ashushe akiwa na msimamizi wenu kando yake. Tutampokea.

Upande wetu tumeshabadilisha mambo matatu. Anayefungua kufuli ya bomba la kujazia habanduki hapo mpaka aifunge tena, na shaveli itasubiri. Tumeongeza taa ya shinikizo la silo usawa wa macho pale dereva anaposimama, ya njano kwenye bar 0.02 na nyekundu kwenye 0.03, kwa sababu king'ora cha juu peke yake hakisikiki vizuri ndani ya kabini yenye kompresa inayonguruma. Na njia ya watu chini ya silo inafungwa kwa mnyororo kila lori linaposhusha. Hilo la tatu lilipaswa kuwapo tangu zamani, hatuna la kujitetea. Yeyote kati yetu, hata mfagiaji, ana ruhusa ya kuamuru lori lisimame, na tunaomba madereva wenu waelezwe hivyo kwa maandishi ili pasiwe na mabishano kwenye vali.

Tunaomba pia mpange dakika 75 kwa kila mzigo wa tani 28 unaokuja kwetu: 15 za kuingia na kukagua, 40 za kushusha ikiwemo kuanza polepole, 10 za kupunguza hewa, na 10 za kufungua mpira na kutoka. Muda ukizidi kwa sababu yetu, tutasaini hati ya kusubiri na mtatudai. Kwa mpangilio huo hakuna dereva atakayelipia usalama kwa safari yake ya pili.

Barua ya kupokea taarifa hii tunaitarajia ndani ya siku 2, na majibu ya uchunguzi ndani ya siku 14. Majibu yatakayotusaidia ni yale yanayosema mlikuta nini ndani ya tangi, geji ilisoma ngapi kwenye kila kiwango, uzito wa mabaki kwa miezi mitatu, ratiba ilimpa dereva dakika ngapi, na nini kinabadilishwa, na nani, kufikia lini. Kama kuna tulipokosea hesabu au kusoma picha vibaya, tuonyesheni, tutarekebisha hadharani kama tulivyoandika hadharani.

Hadi hapo lori lile halitafunguliwa kufuli kwenye silo yetu yoyote. Malori yenu mengine tutaendelea kuyapokea kwa masharti ya kanuni iliyoko kwenye kibao, baada ya kuona pini mbili, kebo iliyofungwa na geji inayosoma sifuri kabla kompresa haijawashwa. Silo namba 2 itarudi kazini mifuko mipya ikishafungwa, na paa na vibanio vikishakaguliwa na mhandisi. Gharama zake tutazileta kwa barua nyingine, ili suala la pesa lisichanganywe na hili.

Wenu katika kazi,

Kamati ya Usalama
Mtambo wa kuchanganya zege

Nakala: Msimamizi wa upakiaji, kiwanda cha saruji, wapokeaji mzigo wa mitambo jirani